Kitanda kinapozunguka: namna ya kutambua na kutibu kizunguzungu cha chembe za sikio la ndani

Mwalimu mstaafu wa miaka 61 aliletwa kwangu na mpwa wake. Alitembea akiwa ameukaza mkono wa kijana yule na macho yake hayakutoka sakafuni. Siku nne zilikuwa zimepita tangu aanze kuumwa. Zahanati ya kwanza walimpima malaria, kipimo hakikuonyesha kitu, wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Ya pili wakakuta presha yake imepanda kidogo, wakamwanzishia vidonge. Kizunguzungu kikabaki palepale.

Mimi ni mfiziotherapia, na wagonjwa wa aina hii ninawaona mara kwa mara. Kabla ya kumgusa nilikaa naye tukazungumza, kwa sababu katika ugonjwa huu maelezo ya mgonjwa yanakufikisha karibu na jibu kuliko mashine nyingi.

"Shikamoo mama. Ukisema kizunguzungu, unaona giza, unajisikia mwepesi kama utaanguka, au vitu vinazunguka?"

"Marahaba mwanangu. Giza sioni. Dari linazunguka kama pangaboi, na mimi nimelala."

"Mara ya kwanza ulikuwa unafanya nini?"

"Alfajiri niligeukia kulia nichukue simu nitazame saa. Nikajua nakufa."

"Kunazunguka kwa muda gani?"

Mpwa akajibu, "Siku nne sasa, daktari."

Jibu hilo nalipata karibu kila mara, na ndilo linalowapoteza hata watabibu. Nikauliza tena: mama akigeuka, kisha akatulia asikitikise kichwa kabisa, dari linasimama baada ya muda gani? Akafikiri. "Haifiki dakika. Nusu dakika hivi. Ila tumbo linachafuka asubuhi nzima."

Kitanda kinachozunguka kwa muda usiofika dakika moja, kila mtu anapogeuza kichwa kwa namna fulani, na kinachosimama akitulia, kwa kawaida ni tatizo la chembe zilizohama ndani ya sikio. Madaktari wanakiita kizunguzungu cha mkao. Hakitokani na uvimbe wa ubongo wala hakiharibu usikivu. Hatari yake kubwa ni kuanguka, hasa kwa mtu mzima anayeamka usiku kwenda msalani.

Kinachotokea ndani ya sikio

Sikio la ndani limefichwa ndani ya mfupa wa fuvu, na lina kazi mbili. Sehemu iliyojikunja kama konokono inasikia sauti. Sehemu ya pili inamwambia ubongo kichwa kimekaaje na kinageukia wapi. Sehemu hii ya pili ina mirija mitatu iliyopinda nusu duara na kujaa majimaji, kila mmoja ukitazama upande wake. Kwenye shina la kila mrija kuna kizibo laini mfano wa mlenda, na chini yake vinyweleo vinavyohisi. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa kidogo kufuata, yanakisukuma kizibo, vinyweleo vinainama, na ubongo unajua umegeuka. Mtoto anayejizungusha uwanjani kisha akasimama ghafla huona miti ikiendelea kuzunguka kwa sababu majimaji yake bado hayajatulia.

Mirija hiyo inaungana na kijifuko chenye utando uliopambwa na chembe ndogo mno za kalsiamu kaboneti, madini yaleyale yaliyomo kwenye matumbawe na maganda ya kombe. Chembe hizo zina uzito, nazo ndizo zinazomsaidia mtu kujua chini ni wapi. Kwa umri, kwa kugonga kichwa (ajali ya bodaboda ni sababu ninayokutana nayo), baada ya kulala kitandani wiki nyingi, au baada ya uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio, baadhi ya chembe hubanduka. Mara nyingi sababu haijulikani. Wanawake hupata zaidi kuliko wanaume, na baada ya miaka 50 tatizo huwa la kawaida zaidi.

Chembe zilizobanduka zikiingia ndani ya mrija zinaleta vurugu. Mara nyingi huingia mrija wa nyuma, kwa sababu ndio ulio chini kabisa. Mtu akilala chali au akigeuka, chembe zinaporomoka ndani ya mrija na kuyavuta majimaji. Kizibo kinasukumwa ingawa kichwa kimeshatulia. Sikio moja linauambia ubongo "tunazunguka", la pili linasema "tumetulia", na macho yanafuata lile linalopiga kelele.

Ukilielewa hilo, dalili zote zinajieleza. Mzunguko hauanzi papo hapo. Unachelewa sekunde kadhaa, kwa sababu chembe zinahitaji muda kuanza kuporomoka. Unaisha ndani ya dakika kwa sababu chembe zimefika chini na zimetua. Ukirudia mkao uleule mara ya pili na ya tatu unapungua nguvu, maana chembe zimetawanyika. Na ukiinuka kukaa unaweza kuzunguka tena kidogo, kuelekea upande wa pili, kwa kuwa chembe zinarudi zilikotoka.

Kwanza ondoa yasiyo haya

Usiguse zoezi lolote kabla ya kujiuliza maswali haya. Je, kizunguzungu kimekuja pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, uso kupinda, mkono au mguu kukosa nguvu, kushindwa kabisa kusimama au kukaa bila kushikiliwa, au maumivu ya kichwa au shingo makali ambayo hujawahi kuyapata? Hicho kinaweza kuwa kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Sikio likiziba ghafla na kuacha kusikia, hilo nalo ni la dharura, kwa sababu matibabu yake yanategemea kuwahi.

Hali nyingine zinatofautishwa na muda. Mzunguko usiokatika mchana na usiku, hata ukilala umetulia, pamoja na kutapika, mara nyingi ni uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio. Mzunguko wa dakika 20 hadi saa kadhaa, unaokuja na mngurumo sikioni, sikio kujaa na usikivu kupungua, ni dalili za ugonjwa wa Meniere. Mtu aliyechomwa sindano za jentamaisini au streptomaisini kwa muda, akabaki anayumba hasa gizani na kuona barabara inarukaruka anapotembea, huenda dawa imemdhuru mizani ya masikio yote mawili. Huyo zoezi la chembe halitamsaidia.

Kizunguzungu cha presha kushuka nacho hufananishwa na hiki. Swali moja linavitenganisha: kinakupata ukigeuka ukiwa umelala? Presha iliyoshuka hukupata unaposimama, na unaona giza. Chembe za sikio hukupata hata kichwa kikiwa bado juu ya mto. Yule mama, presha yake ilikuwa imepanda kweli, lakini hiyo si sababu ya dari kuzunguka kwa nusu dakika. Sikumwambia aache vidonge. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya kumpima siku kadhaa akiwa ametulia.

Kujua ni sikio lipi

Kipimo kinachotumika kilielezwa na Margaret Dix na Charles Hallpike jijini London mwaka 1952, na hadi leo hakuna mashine iliyokishinda. Kinahitaji kitanda na mtu wa kukusaidia.

Mgonjwa anakaa kitandani miguu imenyooshwa mbele. Nyuma yake unaweka mto, au kanga mbili zilizokunjwa, mahali ambapo akilala mabega yatatua juu ya mto na kichwa kitaning'inia kidogo nyuma na kugusa godoro. Weka ndoo karibu. Mwambie mapema kwamba atazunguka, kwamba itapita, na kwamba asifumbe macho. Usipomwambia atakurupuka na kukukaba.

Ukianza na kulia, geuza kichwa chake nusu ya njia kuelekea bega la kulia, nyuzi 45. Akiwa hivyo, mlaze chali kwa haraka ya wastani, kichwa kikishuka nyuma nyuzi 20 hivi chini ya usawa wa mwili. Tazama macho yake, usiyaondolee jicho, kwa nusu dakika au zaidi. Kama chembe ziko kwenye mrija wa nyuma wa sikio la kulia, baada ya sekunde chache macho yataanza kucheza: yanaruka kuelekea juu, upande wa paji la uso, huku yakijizungusha kuelekea sikio lililo chini, yanarudi, yanaruka tena. Kisha yanapungua na kusimama. Mwinue polepole, mpumzishe, halafu pima kushoto kwa namna ileile. Sikio lililokuwa chini wakati macho yanacheza ndilo lenye tatizo.

Mama yule, kulia, macho yalitulia kwa muda wa kuhesabu hadi nne. Yakaanza. Aliushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikuitarajia, akaita jina la Mungu, na kwenye sekunde ya ishirini hivi yakatulia. Kushoto hakukuwa na kitu.

Ukiwa peke yako huwezi kuyaona macho yako, ila utahisi mzunguko, na upande unaozungusha zaidi unatosha kuwa kielelezo. Bora zaidi, mwombe mtu akurekodi macho kwa simu, kwa karibu, kwenye mwanga mzuri. Video hiyo mpelekee daktari wa masikio, pua na koo. Itamwambia mengi, kwa kuwa siku utakayofika kliniki huenda macho yasicheze kabisa.

Macho yakicheza kwa namna nyingine, mathalani yakivutwa kuelekea chini, au yakiendelea bila kukoma zaidi ya dakika, acha hapo. Hilo ni la hospitali.

Kuzirudisha chembe

Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kikunje nusu duara, tia maji na punje moja ya mchele. Ukiutikisa ovyo, punje haitoki. Ukiugeuza hatua kwa hatua, ukasubiri kila mara punje ishuke hadi mahali pa chini, mwishowe inatoka kwenye mdomo wa pili. Ndivyo alivyofanya John Epley, daktari wa masikio wa Portland huko Oregon, aliyechapisha njia yake mwaka 1992 baada ya miaka ya wenzake wengi kumtilia shaka. Chembe zinazungushwa hadi zirudi kwenye kijifuko, mahali ambapo hazisumbui tena.

Usilifanye zoezi hili nyumbani kama una shingo yenye matatizo ya pingili au iliyoumia, baridi yabisi ya shingoni, mishipa ya damu ya shingo iliyoziba, au umefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni au una pazia la jicho lililobanduka. Hao wafanyiwe na mtaalamu, kwa mkao uliorekebishwa. Hapa naeleza kwa sikio la kulia. Kwa la kushoto, badili kila neno "kulia" liwe "kushoto" na "kushoto" liwe "kulia".

Hatua ya kwanza. Kaa kitandani, mto nyuma yako kama ilivyokuwa kwenye kipimo. Vua miwani, sogeza neti pembeni. Geuza kichwa nyuzi 45 kulia.

Hatua ya pili. Lala chali ukiwa bado umetazama kulia, mabega juu ya mto, kichwa kimeshuka nyuma. Utazunguka. Ngoja hadi mzunguko uishe, kisha ongeza nusu dakika nyingine. Kwa wengi jumla inakuwa dakika moja. Kusubiri huku ndiko watu wanakokuruka, na bila kusubiri chembe hazijafika chini ya mrija, kwa hiyo hatua inayofuata inazirudisha nyuma badala ya kuzisogeza mbele.

Hatua ya tatu. Bila kuinua kichwa, kigeuze taratibu hadi utazame kushoto kwa nyuzi 45. Hapo kichwa kimesafiri nyuzi 90. Ngoja tena kama dakika. Ukizunguka kidogo kuelekea upande uleule wa mwanzo ni habari njema, chembe zinasonga mbele. Kosa la kawaida hapa ni kunyanyua kichwa kutoka kitandani wakati wa kukigeuza. Kidevu kikielekea kifuani, chembe zinateleza kurudi.

Hatua ya nne. Sasa kichwa na mwili vigeuke pamoja. Lalia ubavu wa kushoto, na endelea kugeuza uso hadi pua itazame godoro, kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka sakafuni kando ya kitanda. Ngoja dakika nyingine.

Hatua ya tano. Shusha miguu upande huohuo wa kushoto, inuka ukae, kidevu kimeinama kidogo. Hapa shikwa, au ushike kitanda. Wengine husukumwa na mzunguko mmoja mkali chembe zinapomwagika kwenye kijifuko, nimeona mtu akidondoka mbele. Kaa dakika chache kabla ya kusimama.

Mama yule alizunguka kwenye hatua ya pili, kidogo kwenye ya tatu, na kwenye ya tano akayumba mbele nikamdaka begani. Tulipumzika robo saa. Nilipompima tena kulia macho yalicheza, lakini dhaifu na kwa sekunde tano tu. Tukarudia zoezi. Mara ya tatu macho hayakucheza. "Dari limekaa," akasema, na akaomba abaki amelala hivyo kidogo alitazame.

Siku zinazofuata

Zamani wagonjwa waliambiwa walale wameketi siku mbili na wavae kola ya shingo. Hakuna haja. Lala unavyolala, fanya kazi zako, ila siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki na usipande ngazi kutengeneza paa.

Mzunguko ukiisha, wengi hubaki na hali ya kuelea au kuyumba kidogo kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili. Haimaanishi zoezi limeshindwa. Ubongo ulikuwa umejipanga kwa habari za uongo na sasa unajipanga upya. Tembea, geuza kichwa kama kawaida. Anayetembea ameikaza shingo kwa kuogopa ndiye anayechelewa kupona, na shingo inaanza kumuuma juu ya hayo.

Jipime kwa kugeuka kitandani upande ule mbaya. Bado kunazunguka? Rudia zoezi kesho yake, na tena kesho kutwa. Wengi hupona kwa mara moja hadi tatu. Zikipita siku saba bila nafuu, au ukipata mambo mapya, muone mtaalamu. Jambo moja jipya ulijue mapema: baada ya zoezi unaweza kukuta ukigeukia kulia kunazunguka na ukigeukia kushoto kunazunguka, kwa nguvu kuliko mwanzo, na vitu vikikimbia kwenda pembeni. Chembe zimetoka mrija wa nyuma zikaingia mrija wa ubavuni. Zoezi hili haliufikii mrija huo. Lipo jingine, la kumbiringisha mgonjwa mzima kama mshikaki juu ya mkaa, lakini kwanza lazima ijulikane ni sikio lipi, na hilo nawaachia wenye mazoea.

Kuhusu vidonge niseme wazi, maana ndivyo vinavyouzwa zaidi. Sinarizini, betahistini na proklorperazini haziwezi kuhamisha chembe kutoka kwenye mrija. Kidonge cha kuzuia kutapika kabla ya zoezi kinasaidia anayechafukwa sana, na mimi sina ugomvi nacho. Shida ni kumeza sinarizini mwezi baada ya mwezi: inapooza mizani ambayo ubongo unajaribu kuirekebisha, inaleta usingizi, na kwa wazee inaweza kuleta mikono kutetemeka na mwendo kuwa mzito kama wa ugonjwa wa Parkinson. Nimewapokea wazee wanaotumia kidonge hicho kwa mwaka mzima, na tatizo lililokuwepo lilihitaji dakika tano kitandani.

Kizunguzungu hiki hurudi. Karibu nusu ya waliopona hukipata tena ndani ya miaka mitano hivi. Kwa wenye upungufu wa vitamini D, kuurekebisha pamoja na kalsiamu kumeonekana kupunguza marudio, kwa hiyo kwa anayerudiwa mara kwa mara kipimo hicho cha damu kina maana. Mtu aliyejifunika kutoka utosini hadi vidoleni na kushinda ndani anaweza kuwa na upungufu huo hata akiishi Pwani yenye jua mwaka mzima.

Mama yule alinipigia baada ya miezi minane. Kimerudi, akasema, lakini safari hii ni kushoto. Nilimuuliza amejuaje. Alikuwa amelala kulia, dari likatulia, akalala kushoto, akahesabu hadi tatu likaanza. Mpwa alikuwa amesharekodi macho kwa simu na kuweka mto mahali pake. Walichotaka kutoka kwangu ni kuhakikisha kwamba sasa atainukia upande wa kulia wa kitanda. Nikamwambia ndiyo mama, kulia, na mpwa asimame mbele yako, si nyuma.